Barua sita za kuwaambia hapana

Katika kazi ya ununuzi, barua ya mshindi wa zabuni hujiandika yenyewe. Anayeipokea anatafuta jambo moja tu humo, na akishaliona hakusumbui tena kwa lugha yako. Mimi zilizonitoa jasho ni zile nyingine, za wale waliochapa kurasa mia, wakakimbilia dhamana benki, wakakaa kwenye ukumbi wa ufunguzi wakisikiliza bei zikisomwa, halafu wakarudi ofisini kwao kusubiri. Hao walinipata nikiwa mchanga kazini, na barua yangu ya kwanza kwao iliahirisha mkataba kwa wiki tatu.

Zabuni yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa: matengenezo ya viyoyozi katika majengo ya ofisi yetu kwa miaka 2. Viyoyozi vilikuwa 64, kila kimoja kihudumiwe mara 4 kwa mwaka. Zidisha uone: 64 mara 4 mara 2 ni huduma 512 kwa muda wote wa mkataba. Kwenye jedwali la bei mzabuni alitakiwa kuandika bei ya huduma moja, ile tunayoiita bei ya kizio, kisha aizidishe kwa 512 apate jumla. Walikuja wazabuni 7. Bei nitazitaja kwa namba zilizopunguzwa, bila fedha ya popote, maana kinachohusika hapa ni hesabu na barua tu.

Siku ya ufunguzi jumla zilisomwa kwa sauti, kama taratibu zinavyotaka. Ya chini kuliko zote ilikuwa 11,520. Iliyofuata ilikuwa 18,432, na iliyofuata hiyo 19,968. Mwenye ile ya 11,520 alikuwa mzee mmoja aliyekaa safu ya mbele, fundi wa siku nyingi aliyegeuka kuwa mwenye kampuni. Alitikisa kichwa kidogo, akafunga daftari lake. Kwa hesabu zake, biashara ilikuwa imekwisha pale pale.

Pengo kati ya wa kwanza na wa pili lingetosha kutushtua. Kamati ya tathmini ilipokagua hesabu iligundua kwamba bei yake ya kizio ilikuwa 45, na 45 mara 512 ni 23,040. Yeye alikuwa amezidisha kwa 256, yaani huduma za mwaka mmoja, akasahau kwamba mkataba ni wa miaka 2. Nyaraka za zabuni zilisema waziwazi, kama zinavyosema nyaraka nyingi za aina hiyo: pakitokea tofauti kati ya bei ya kizio na jumla, bei ya kizio ndiyo inayoshika, isipokuwa pale inapoonekana dhahiri kwamba nukta ya desimali imekaa pasipo pake. Bei yake ikarekebishwa. Kutoka wa kwanza akawa wa tatu.

Hapo lilifanyika kosa la kwanza, nalo halikuwa la uandishi. Tulipaswa kumwandikia mapema kumjulisha marekebisho hayo. Hatukumwandikia, kwa hoja ambayo wakati ule ilionekana ya busara: hata akiyakubali hashindi, kwa nini tumsumbue? Kwa hiyo barua yangu ya kumkatalia ndiyo iliyokuwa nafasi ya mwisho ya yeye kuelewa kilichotokea. Nayo niliiandika hivi:

"Tunasikitika kukutaarifu kwamba, kwa bahati mbaya, zabuni yako haikufaulu kwa kuwa haikuwa na ushindani wa kutosha ikilinganishwa na zabuni nyingine. Tunathamini sana juhudi zako na tunakutakia kila la heri. Tutakukumbuka katika fursa zijazo."

Niliipenda. Ilionekana ya adabu. Niliituma ile ile kwa wote 6.

Siku ya pili yule mzee alikuwa mlangoni kwa mkuu wangu wa kitengo, na mkononi ana barua ya malalamiko iliyokwisha kupigwa muhuri wa mapokezi. Alikuwa ameandika sentensi moja nzito: bei yangu ilisomwa mbele ya watu kuwa ndogo kuliko zote, leo naambiwa haikuwa na ushindani; naomba nielezwe nani aliyeibadilisha. Ukiisoma kama mtu wa nje utamwona ana haki kabisa. Malalamiko yakapanda ngazi, utiaji saini ukasimama, na kwa wiki tatu viyoyozi vikaendelea kuvuja maji kwenye makabati ya faili huku nikiandaa maelezo.

Tulipokutana naye nilichapisha ukurasa mmoja. Ulikuwa na mstari wake wa jedwali la bei, hesabu yake, hesabu yetu, na kifungu cha nyaraka kinachosema bei ya kizio inashika. Aliusoma akiwa amenyanyua miwani hadi kwenye paji la uso, karatasi karibu na macho. Akazidisha mwenyewe kwenye simu yake. Mara mbili. Kisha akaiweka simu mezani, akasema taratibu: "Mwanangu, hii ungeniandikia siku ile, mimi ningekuja hapa kufanya nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Ni kweli mzee," basi.

Aliondoa malalamiko yake siku hiyo hiyo. Mimi nikarudi mezani kuitazama barua yangu neno kwa neno, na nilivyozidi kuitazama ndivyo ilivyozidi kuniaibisha.

Anza na "tunasikitika kukutaarifu". Ukimsomea mtu maneno hayo bila kumwonyesha yaliyofuata, atakuuliza amefariki nani. Ni mlango wa tangazo la msiba. Ukimfungulia mtu mlango huo anakaza moyo kabla hajajua ni jambo gani, na yote yanayofuata anayasoma akiwa amekasirika au amekata tamaa. Tena si kweli kwamba tulisikitika. Tulikuwa tumempata mtu wa kazi, kwa bei nzuri. Mzabuni anajua hivyo, kwa hiyo huzuni yetu ya karatasi anaiona kejeli.

Kisha "kwa bahati mbaya". Bahati mbaya ni kukosa kwenye bahati nasibu. Zabuni ina vigezo, ina alama, ina kamati iliyokaa siku kadhaa. Unapomwambia mtu amekosa kwa bahati mbaya unamwambia, bila kukusudia, kwamba safari nyingine bahati inaweza kuangukia kwake hata akirudia makosa yale yale, au kwamba kuna aliyeiongoza hiyo bahati. Mzee wangu alilishika hilo la pili.

Neno la hatari kuliko yote ni "umeshindwa". Mimi sikulitumia, lakini nimeliona kwenye barua za wenzangu wengi. Kwetu kushindwa kuna sura mbili: kupitwa na mwenzako, na kutoweza. Unayemwandikia ataisoma ile sura ya pili. "Hukufaulu" nalo linamrudisha mtu darasani. Nilichokuja kukitumia hadi leo ni "zabuni yenu haikuchaguliwa". Hapo kinachozungumziwa ni zabuni, si mwenye zabuni, na kitenzi kinasema kilichotendeka bila kukipamba wala kukitia sumu. Halafu ni "yenu", si "yako". Unaiandikia kampuni, na hata kama kampuni hiyo ni mtu mmoja na pikipiki yake, umempa heshima yake.

Lakini kasoro kubwa kuliko zote ilikuwa ile sababu. "Haikuwa na ushindani wa kutosha" ni maneno yanayomfaa kila mtu, kwa hiyo hayamwambii yeyote chochote. Kati ya wale 6, mmoja alitolewa mwanzoni kwa sababu ya dhamana ya zabuni, ile ahadi ya benki kwamba mzabuni hatajitoa njiani. Zabuni zilitakiwa kudumu siku 120, na dhamana idumu siku 28 zaidi ya hapo, yaani 148. Yake iliishia siku ya 120. Benki ilimwandikia siku alizoomba, naye aliomba zile zilizokuwa kichwani mwake. Wawili hawakuleta ushahidi wa kazi mbili za aina hiyo walizokwisha kuzifanya. Waliobaki walipitwa kwa bei. Sababu zilikuwa za namna tatu, na zote nilizimwagia mchuzi mmoja.

Yule wa dhamana ndiye niliyemwonea zaidi, ingawa hakulalamika. Miezi michache baadaye alileta zabuni nyingine kwetu, na dhamana yake ikaishia siku ile ile ya mwisho wa uhai wa zabuni. Kosa lile lile. Alikuwa amesoma barua yangu, akaelewa kwamba tatizo lilikuwa ushindani, akapunguza bei. Akapunguza bei, jamani, kwa kosa la siku 28! Tukamtoa tena hatua ya mwanzo bila hata kuifikia hiyo bei yake mpya. Nikikumbuka jambo moja katika kazi hii linalonikera mwenyewe, ni hilo.

Tangu hapo kila sababu naiandika kwa kujiuliza: mtu huyu akiisoma, atajua arekebishe nini kesho asubuhi? "Haikukidhi masharti ya awali" haimwambii. "Dhamana yenu ya zabuni ilidumu siku 120, nyaraka zilitaka siku 148" inamwambia, na ni maneno machache kiasi kile kile. Watu huogopa kuandika hivi wakidhani wanampa mzabuni silaha ya kulalamikia. Nilivyoona mimi, malalamiko mengi hutoka kwa mtu aliyepewa maneno yasiyoshikika, akalazimika kujaza mwenyewe, na mwenye machungu hujaza kwa lile baya. Ukimwandikia siku 120 dhidi ya 148, hana pa kujaza. Na kama kamati imekosea, basi afadhali aseme wakati huo, kabla ya saini.

Kuna mpaka wake, lakini. Sababu ni ya zabuni yake, haigusi ya mwenzake. Nitamtajia mshindi na jumla ya bei yake, kwa sababu hayo taratibu za kwetu ziliruhusu na jumla zilikwisha kusomwa hadharani. Sitamwambia mshindi aligawanyaje gharama zake, anatumia mafundi wangapi, au vipuri anavinunua wapi. Niliwahi kuponyokwa na neno la namna hiyo kwenye simu. Mzabuni alinipigia kwa upole, tukapiga soga, nikasema "mwenzako ana mafundi wake wa kuajiriwa, nyie mnaokota vibarua". Kesho yake sentensi hiyo ilikuwa imefika kwa mshindi, na chumvi juu. Siku hizi mtu akipiga simu namsikiliza, namjibu yaliyomo kwenye barua, na zaidi ya hapo namwomba aandike ili ajibiwe kwa maandishi.

Suala la nani aambiwe lini nalo lina miiba yake. Wengi hudhani barua za kukataa ni za mwisho, zitumwe mshindi akishasaini ndipo mambo yawe shwari. Zipo taratibu zinazokataza hilo kabisa. Kwa mfano, katika miradi mingi mikubwa inayofadhiliwa na Benki ya Dunia, chini ya kanuni zake za ununuzi zilizoanza kutumika 2016, wazabuni wote hupelekewa taarifa ya kusudio la kutoa tuzo, yenye jina la mshindi, bei, na kwa asiyechaguliwa, sababu ya zabuni yake kutochaguliwa. Baada ya hapo kuna siku 10 za kazi za kusubiri kabla ya kusaini. Asiyechaguliwa ana siku 3 za kazi za kuomba maelezo ya ziada, na taasisi inayonunua ina siku 5 za kazi za kumpa. Tafsiri yake kwa mwandishi wa barua ni kwamba unaandika kabla mkataba haujawa mkataba. Usiandike "mkataba umetolewa kwa fulani". Andika kwamba zabuni ya fulani ndiyo iliyopendekezwa. Tofauti ni ndogo mdomoni na kubwa mbele ya wanaosikiliza rufaa.

Na kwa sababu siku zinahesabiwa, siku ya kutuma nayo ni sehemu ya adabu. Barua inayotumwa jioni ya mwisho wa wiki inamlia mtu muda wake, au inamfanya aamini ulitaka muda umwishie. Mimi hutuma asubuhi ya siku ya kazi, zote ndani ya saa moja, ili asiwepo anayesikia kwa jirani.

Pale ambapo hakuna kanuni ya siku za kusubiri, jaribu ni jingine: kumwachia wa pili mapema mno. Lilitupata kwenye zabuni ya usafi. Mshindi alipewa barua, akashindwa kuleta dhamana ya utekelezaji, ile ya kuhakikisha kazi itafanyika, akatoweka. Tulipomgeukia wa pili, nilikuwa nimekwisha kumwandikia kwamba shughuli imefungwa, na dhamana yake nimekwisha kumrudishia. Alikuwa na heshima zake, hakunicheka, ila watu wake alikwisha kuwapeleka kwenye kazi nyingine. Tukatangaza upya. Sasa kwenye barua zangu sentensi ya dhamana inasema itarejeshwa mara mshindi atakaposaini mkataba na kuwasilisha dhamana ya utekelezaji. Ni sentensi inayomwambia fedha yake iko wapi, na wakati huo huo inamwambia bila ahadi yoyote kwamba mambo bado hayajafungwa kabisa. Watu wanaojua kazi huielewa mara moja.

Nilifika pia kwenye ule mstari wa mwisho wa barua yangu ya zamani, "tutakukumbuka katika fursa zijazo". Niliuandika kwa nia njema, lakini ni mstari mbaya kwa njia mbili. Asiyeuamini ataona ni porojo za kumsindikiza mgeni. Anayeuamini ndiye mwenye shida zaidi, maana umemwahidi. Mmoja wa wale 6 alinipigia miezi mitano baadaye akiuliza kwa nini zabuni ya feni ilitangazwa na hakupigiwa, "na ninyi mlisema mtanikumbuka". Aliisema bila utani. Ningempigia, ningekuwa nimempa upendeleo ambao wengine hawakuupata.

Mlango nimeona unaachwa wazi kwa kitu kinachoshikika. Kama kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka, ule uliokwisha kutangazwa kwa kila mtu, kuna kazi inayofanana na yake, naitaja na robo ya mwaka inayotarajiwa. Kama haimo kwenye mpango uliotangazwa, siitaji hata kama naijua, kwa sababu hapo nitakuwa nimemnong'oneza. Na kama hakuna kazi ya fani yake siku za karibuni, naandika tu kwamba jina la kampuni limebaki kwenye orodha ya wazabuni tuliyonayo, iwapo kweli limebaki. Zipo barua ambazo sikuweka mstari huo kabisa. Mzabuni aliyeleta nyaraka za kughushi haambiwi anakaribishwa tena. Huyo ana utaratibu wake.

Mwaka ule niliiandika upya barua ya mzee wa viyoyozi, ingawa ilikuwa imechelewa. Nilitaka kuona ingekuwaje. Ilitoka hivi, nami hadi leo naitumia kama kiolezo:

*Mada: Matokeo ya zabuni ya matengenezo ya viyoyozi*

*Ndugu Mkurugenzi,*

*Asanteni kwa zabuni mliyowasilisha kwa kazi ya matengenezo ya viyoyozi. Tathmini imekamilika, na zabuni yenu haikuchaguliwa.*

*Zabuni yenu ilitimiza masharti ya awali na ya kiufundi. Katika ukaguzi wa hesabu, bei yenu ya kizio ya 45 kwa huduma 512 ilitoa jumla ya 23,040, tofauti na 11,520 iliyosomwa siku ya ufunguzi. Kwa mujibu wa nyaraka za zabuni bei ya kizio ndiyo iliyotumika, na zabuni yenu ikawa ya tatu. Zabuni iliyopendekezwa ni ya (jina la mshindi), kwa jumla ya 18,432.*

*Mkihitaji maelezo zaidi, tuandikieni ndani ya siku 3 za kazi. Dhamana yenu itarejeshwa mara mshindi atakaposaini mkataba na kuwasilisha dhamana ya utekelezaji.*

*Zabuni ya matengenezo ya mfumo wa umeme imo katika mpango wetu wa ununuzi uliotangazwa, kwa robo ijayo. Mnakaribishwa kushiriki.*

*Wenu,*

Haifiki maneno 130. Jibu limo kwenye sentensi ya pili, kwa sababu msomaji wa barua hii hasomi, anatafuta. Ukilificha aya ya tatu atairuka shukrani yako yote akilitafuta, kisha hatarudi kuisoma. Shukrani moja inatosha. Zikiwa tatu zinanuka hatia. Mada nayo haisemi ameshinda wala hakushinda, maana barua pepe ya kampuni hufunguliwa na katibu, na wakati mwingine mada inaonekana kwenye kioo cha simu mezani mbele ya wateja.

Mkuu wangu alipoiona aliuliza kama si kavu mno. Nilimwambia anipe muda. Yeye angependa iongezwe sentensi ya kusifia uwezo wa kampuni, nami hapo tulibishana kidogo. Ukimsifu mtu kwa ujuzi wake mkubwa kisha ukamnyima kazi, umempa hoja ya kwanza ya rufaa yake. Kilichostahili kusemwa kwa upande wake kimo tayari: alitimiza masharti ya awali na ya kiufundi. Ni sifa, tena ya kweli, na imetoka kwenye ripoti ya kamati.

Sikuwa na mkono safi mara moja. Awamu iliyofuata nilitumia jedwali kujaza majina na sababu, kompyuta itoe barua zote kwa mkupuo. Nilikuwa nimepanga upya safu ya majina kwa alfabeti bila kuigusa safu ya sababu. Nilipofungua ya kwanza kuikagua nikakuta kampuni ya ulinzi inaambiwa haikuleta leseni ya kuuza dawa. Nilishukuru kwamba nilianza kwa kujitumia mwenyewe. Siku hizi barua zikiwa chini ya 20 naziandika moja moja, na kila sababu nailinganisha na ukurasa wa ripoti nikiwa nimeweka kidole juu yake. Na anwani inakaa moja tu kwenye kila barua. Mwenzangu mmoja aliwahi kuziweka zote kwenye Cc, na kabla ya chakula cha mchana wazabuni walikuwa wanajibizana wenyewe kwa wenyewe kuhusu nani anamjua nani.

Ule mkataba wa viyoyozi ulipoisha miaka 2 baadaye, tulitangaza tena. Mzee alikuja. Safari hii alikuwa ameambatanisha karatasi ya ziada ambayo hakuna aliyeiomba, ameandika kwa mkono 64 × 4 × 2 = 512, akapigia mstari mara mbili. Tuliicheka kidogo kwenye kamati, cheko la heshima. Bei yake ilisomwa ya pili na ikabaki ya pili. Hapakuwa na cha kurekebisha. Nikamwandikia: asante, haikuchaguliwa, hesabu ziko sawa, tofauti na ya kwanza ni hii hapa, dhamana yenu itarudi lini.

Sikuweka mstari wa kumkaribisha, kwa kuwa mpango wa mwaka mpya ulikuwa bado haujatangazwa. Alijibu kabla ya saa sita mchana:

"Nimeiona. Ile ya umeme mnaitangaza lini?"

Nikamjibu kwamba mpango utatoka mwezi ujao, autazame.